Mama Kitana na Neno Dawa

Mama Kitana, msusi mwenye miaka ishirini kazini, hakuwa na mchezo na kichwa cha mtu. Kwa hiyo mpwa wake alipoingia saluni amejifunga mtandio hadi kwenye nyusi, alijua kuna jambo. Binti akaufungua. Lahaula! Kichwa kizima rangi ya chungwa, mizizi inang'aa kuliko ncha.

Kumbe alijichubua nywele bafuni, kuziondoa weusi, kwa krimu kali kuliko zote, akazifunika kwa mfuko wa plastiki. Kesho dada yake anaolewa naye ndiye msimamizi, hivyo alitaka apakwe tena, ziwe za dhahabu.

Mama Kitana akamweleza huku akimchambua nywele. Nywele nyeusi zina rangi nyingi ndani. Ile nyeusi hutoka kwanza, nyekundu na chungwa hung'ang'ania. Mizizi imewahi kung'aa kwa sababu ya joto la kichwa. Alipaswa kutumia krimu hafifu, aache mizizi mwisho, afuate dakika zilizoandikwa kwenye boksi.

"Una dawa kichwani?" akauliza.

"Nimeshaisuuza yote, mama mdogo."

Akakoroga unga wa kuchubua. Kwa mazoea yake, akakata kwanza unywele mmoja nyuma ya sikio, akaupaka, akangoja. Alipouvuta ukavutika kama mlenda, kisha ukakatika. Akamgeukia binti.

"Nimekuuliza dawa ya kulainisha!"

"Ah, hiyo? Nilitia mwezi wa tatu. Mimi nilidhani hii ya bafuni."

Mama Kitana akaketi. Zamani, akijifunza kazi, alimpaka dada yake unga juu ya nywele za dawa bila kuuliza. Zilikatika, zikabaki kwenye taulo. Dada huyo ndiye mama wa huyu binti, na tangu siku hiyo hakumpa kichwa chake tena. Hawakugombana. Alikwenda tu kwa wasusi wengine, na jambo hilo liliendelea kumuuma Mama Kitana.

Unga akaumwaga kwenye sinki. Binti akalia kwamba atachekwa, ataitwa karoti mbele ya wageni. Mama Kitana akamwonea huruma, lakini hakulegea. Alimpaka rangi ya kahawia isiyo na amonia, yenye buluu ndani yake, maana buluu ndiyo huizima chungwa. Akapunguza ncha zilizokufa, akampaka krimu nzito, akamkataza pasi ya nywele na kuchubua mpaka nywele mpya ziote.

Kesho yake, chumbani kwa bibi harusi, mama mzazi alimgeuza binti dirishani, akampitishia vidole kichwani mara mbili. Kahawia tupu, na hakuna kilichobaki mkononi. Akamgeukia mdogo wake, Mama Kitana.

Kisha akavuta kiti, akakaa, akafungua kitambaa chake.

"Nisuke," akasema. "Lakini niulize kwanza."