RU kwenye kioo cha nyuma

Faida wa mtaa wa Muhumba huangalia mgongo wa gari kabla hajaangalia uso wa dereva. Anauza chai na mandazi kwenye paking ya Ruzizi, maegesho ya magari hapa Bukavu, hatua chache kabla ya kizuizi cha mpaka wa Kongo na Rwanda, na mimi nina meza yangu ya kubadilisha pesa ubavuni mwake. Wageni hudhani ni umbea wa mama muuza chai. Mimi najua anachokitafuta, na nikikumbuka namna alivyodanganywa damu inanichemka mpaka leo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Latifu. Mumewe, papa Usman, ana duka la vitenge, duka alilorithi kwa baba yake, wao ni watu wa Uvira waliotoka pwani zamani na misafara yao ya biashara. Kwake yeye, kijana wa ukoo huo anapima kitambaa, hajilazi chini ya magari akijipaka oili. Latifu alipenda injini. Siku moja, mbele ya watu waliotoka msikitini, Usman alisema kwamba hana mtoto tena, na Latifu asikanyage nyumbani kwake mpaka atakapomwita mwenyewe. Latifu alikuwa na kichwa kigumu kama cha baba yake. Akaacha simu mezani, kwa kuwa ilinunuliwa na mzee, akatoka na nguo alizovaa.

Faida alimwona kwa mara ya mwisho kutoka kwenye jiko lake la chai. Gari jeupe lilikuwa kwenye foleni, Latifu ameketi mbele kando ya dereva. Mama akaacha birika, akakimbia, lakini kizuizi kilikuwa kimeshainuliwa na gari likateremka kwenda darajani. Mvua ilikuwa imenyesha, matope yamefunika namba yote. Kilichosomeka ni kibandiko tu, kile cheupe cha umbo la yai ambacho magari yanayovuka mipaka hubandikwa nyuma ili ijulikane yameandikishwa nchi gani. Kilikuwa juu, kwenye kioo, na herufi nyeusi mbili: RU.

Akawauliza watu wa paking. Ah, wale mabwana wa paking! Hakuna swali linalowashinda. Mpakizaji, mlinzi, dereva wa teksi, wote kwa sauti moja wakamwambia RU ni Rwanda, kwani ni nini kingine? Daraja linaingia Rwanda, gari limevuka daraja, herufi ya kwanza ni R. Hata mimi ningekuwepo wakati ule sijui ningewapinga kwa hoja gani. Lakini kuna namna ya kusema sijui, na hakuna aliyeitumia.

Basi Faida akaanza kuvuka. Alianzia Kamembe, gereji kwa gereji, akionyesha picha ya Latifu aliyopigwa siku ya Idi. Akaenda Huye, akaenda Kigali, akalala kwa watu asiowajua, akaomba matangazo yasomwe misikitini. Alikuwa akirudi miguu imevimba, anawasha jiko, anaanza kuuza, na baada ya muda anaondoka tena. Angalau angeweza kuwauliza shemeji zake wa Uvira, lakini Usman alikataza aibu ile isifike kwao. Uvira, fikiria. Mji unaotazamana na Bujumbura, ambako gari la Burundi ni kitu cha kila siku. Na kwa bahati mbaya, muda si mrefu Burundi na Rwanda zikakosana, magari ya Burundi yakaacha kupita kwetu, na Faida hakuona tena kibandiko cha namna ile akamuulize dereva wake.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha akaja Philémon, deklara, yule anayeshughulikia karatasi za magari kwenye forodha, kahamia hapa kutoka Uvira. Asubuhi moja alikuwa akimwandaa mteja kuvuka. Akamwambia abandike kwanza kibandiko chake cha CGO, alama ya gari la Kongo, ndipo aje anywe chai. Faida alipoona kibandiko kile akaanza hadithi yake, kama alivyompa kila mtu. Philémon akasikiliza huku anatafuna andazi, halafu akaacha kutafuna.

"Maman, ulisema iliandikwa RU? Herufi mbili tu?"

"Mbili tu, papa. R na U."

"Rwanda banaandikaka RWA. RU ni Burundi. Ilibakiaka tangu wakati ya Wabeleji, hizi inchi mbili zilipokuwa moja, Ruanda-Urundi, Burundi ikabakia nayo. Kwetu Uvira hata mutoto anajua."

Faida akatua birika. Sikumwona akilia. Aliuliza tu kwa sauti ndogo gari la Burundi lilifuata nini Bukavu kwa njia ya Rwanda, na Philémon akamweleza taratibu kwamba wengi walipenda lami ya upande ule, wanaingia Rwanda, wanashuka Bugarama, wanatokea kwao. Mtoto wake alipita Rwanda kama mtu anavyopita sebuleni.

Safari hii hakumwomba mumewe ruhusa. Aliteremka kupitia Kamanyola mpaka Uvira, akavuka kwenda Bujumbura, akaulizia mafundi Waislamu wanaosema Kiswahili, akaelekezwa mtaa wa Buyenzi. Hapo hakutafuta sana. Fundi mkuu wa gereji, Mzee Mosi, aliitazama picha, akamvutia kiti, na Faida anasema kile kiti ndicho kilichomwambia. Latifu alikufa kwa malaria kabla ya masika yaliyopita. Watu wa mtaa walimwosha, wakamswalia, wakamzika.

Mzee Mosi alimwonyesha mahali Latifu alipopenda kukaa, kwenye kona, akitazama barabara. Gari likipita lenye CGO nyuma, alikuwa anaacha spana na kulikimbilia. Lakini madereva wale walikuja kwa njia ya Uvira, Ruzizi yetu hawaijui, wala chai ya Faida hawajainywa.

"Alikuwa anawauliza kitu kimoja tu," mzee alimwambia. "Kama huko Bukavu kuna mtu anayemtafuta. Wakamjibu hawajasikia."

Haya ndiyo yaliyomvunja. Kifo ni cha Mungu, anasema, angekivumilia. Lakini mwanawe aliondoka duniani akiamini kwamba mama yake alibaki ameketi, kumbe mama alikuwa amechakaza viatu kwenye nchi jirani. Aliponisimulia nililia mimi, na niliwalaani wale mabwana wa paking kwa majina yao.

Nyumbani, Usman aliuliza swali moja, nani alimwosha. Alipojibiwa akageukia ukuta, na dukani hakwenda tena mpaka walipokuja nduguze kutoka Uvira kumwinua.

Sasa mpaka wa Rwanda na Burundi umefunguliwa, na magari ya Burundi yamerudi kupita mara mojamoja. Wiki hii liliegeshwa moja mbele ya jiko, kibandiko kikiwa kwenye kioo kama cha lile la kwanza. Binti mmoja anayeitwa Merveille, mgeni katika kazi ya kubadilisha pesa, alitaka kujua amwandalie mteja pesa ya wapi. Akauliza RU ni wapi. Mpakizaji mmoja akafungua mdomo, akamwona Faida, akaufunga.

Faida alimimina chai, akampelekea dereva bila kuombwa, akarudi, akajifuta mikono.

"Ni Burundi," alimwambia binti. "Kule mutoto yangu iko."