Ufunguo Uliokaa kwa Anuar

Ulfat wa Malindi hupiga filamu za harusi za wanawake tu, na mimi Riyama ndiye fundi wake wa kompyuta, maana fundi mwanamme hamkabidhi mashine yake hata umuue. Humo ndani mna wake za watu na mabinti za watu, vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza. Simu hukusanya mwenyewe mlangoni mwa ukumbi, na anayenuna anune. Akishahamishia filamu kwenye laptopu hufuta kadi ya kamera hapo hapo, isije ikaanguka njiani ikaokotwa na mwanamme. Nakala ya pili haweki, na habari ya kuweka mtandaoni usimtajie. Nshagombana naye kwa hilo mpaka nimechoka.

Basi laptopu ikafa. Madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba kila kitu, imeliwa na chumvi ya hewa ya bandarini. Nikatia nyengine, nikawasha huku najisifu moyoni. Ikaja skrini ya buluu inayotaka namba ya kufungulia, tarakimu arubaini na nane.

Ulfat akasema yeye ana PIN yake. Nikamwambia PIN ilikwenda na madabodi ya zamani. Diski yake imefungwa kwa siri, na ufunguo wake ulikuwa ukilindwa na chipu ndogo ndani ya bodi ile. Kila akiwasha, chipu ilikuwa ikiikagua mashine, ikiiona ni ile ile inafungua kimya kimya. Sasa nimeleta bodi ngeni yenye chipu ngeni, na diski haiwezi kujua kama mimi ni fundi au mwizi. Hata nikiichomoa nikaitia kwenye kompyuta yangu itauliza namba hiyo hiyo.

Akanipandishia sauti, na mimi nikampandishia. Diskini mlikuwa na harusi ya Hija. Bibi yake Hija, Bi Mwanakhamis, maisha yake yote hakukubali kupigwa picha, akamkubalia Ulfat peke yake, akacheza hali amekaa kitini. Wiki iliyofuata akafariki. Mama yake Hija alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuulizia filamu.

Nikamwambia namba haipotei hewani. Inakaa pale ilipowekwa siku diski ilipofungwa: kwenye karatasi, kwenye flashi, kwa watu wa kompyuta kama mashine ni ya ofisi, au kwenye akaunti iliyofungulia mashine mara ya kwanza. Tukatazama akaunti yake kwa simu, hamna kitu. Ndipo nikamuuliza, akiwasha, skrini huandika jina gani?

Akasema Anuar, yule aliyemuuzia, dukani kwake Mkunazini. Siku zote alidhani ni tangazo la duka.

Wallahi nilitaka kurusha bisibisi. Nnamjua Anuar. Huleta mashine zilizotumika, na ili mteja asisumbuke, kila moja huiwasha kwa akaunti yake yeye. Mashine ikajifunga yenyewe, namba ikaenda kwa Anuar, na mteja akaondoka anashukuru.

Tukamfuata. Akafungua akaunti yake, ikashuka orodha ya laptopu za watu wa mji mzima, kila moja na namba yake. Akatuambia, bila haya, kuwa alikuwa anasaidia, tumwachie mashine atafungua mwenyewe.

"Mashine huigusi," Ulfat akamwambia. "Soma namba."

Nikalinganisha alama ya kutambulisha ufunguo iliyoandikwa kwenye skrini yetu na ile ya kwake, zikawa moja. Akasoma, Ulfat akaandika, skrini ameielekeza ukutani. Ikafunguka. Anuar akainua shingo aone kama filamu inacheza, na Ulfat akaufunga mfuniko kwa kishindo.

"Wanawake wa watu wameniamini mimi," akasema, "kumbe ufunguo wao unalala kwako."

Nikaangalia kama kuna filamu iliyopanda kwenye akaunti ya Anuar, alhamdulillahi, hamna. Nikaifuta namba ya zamani, nikatengeneza mpya, tukaihifadhi kwenye akaunti ya Ulfat na kwenye karatasi ndani ya sanduku la nguo la mama yake. Anuar nimemwambia awarejeshee na wale wengine namba zao. Ameniita mkali. Naam, mimi mkali.

Jioni kwao Hija tukafunga mlango, wanawake peke yetu. Bi Mwanakhamis akatokea kitini, anatikisa mabega, na Hija akaangua kilio. Mama yake akamshika Ulfat mkono, akamwambia, "Mwanangu, nilijua kwako hapotei."

Ulfat akanitupia jicho, maana sote wawili tulijua nakala ilikuwa hiyo moja tu.