Mistari Miwili Iliyotolewa

Barua ya mkuu wa shule ilinifikia kwa utaratibu wake: mhuri, kumbukumbu namba, na idhini ya bosi wangu kwa kalamu pembeni. Iliwaalika wataalamu wa Bariadi kuwalea wanafunzi katika mada za miradi yao. Kulikuwa na nesi, fundi umeme na mimi, bwana shamba. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikavimba kichwa. Wa pili sikuugeuza.

Nilipewa binti wa kidato cha tatu. Mradi wake: je, maji ya majani ya mwarobaini yanazuia funza wa vitumba kwenye pamba? Alikuwa na mistari minne aliyoipulizia, na mingine aliyoiacha bila kitu. Kila wiki alihesabu funza mche kwa mche na kuandika kwenye daftari. Akifaulu, angeiwakilisha shule mkoani. Aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine, na hakuificha.

"Shikamoo, bwana shamba. Miwili imekubali. Hii miwili ya pembeni, funza ni wale wale."

"Marahaba. Hiyo ya pembeni iondoe. Imekuharibia."

"Niiondoe kabisa?"

"Kabisa. Taarifa inataka kilichofanikiwa."

Ndivyo tulivyozoea. Shamba darasa, lile la kuonyeshea wakulima, likikubali, linaandikwa kwenye taarifa zetu. Likikataa, tunasema mvua haikuwa nzuri na tunasonga mbele. Sikuhisi nimemfundisha uongo. Nilihisi nimemsaidia, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Siku ya maonesho ya miradi, mwalimu wa baiolojia kutoka shule nyingine ndiye aliyekuwa jaji. Alitazama chati, kisha akafungua daftari.

"Huku umepulizia mwarobaini mistari minne. Kwenye chati ipo miwili. Mingine iko wapi?"

Binti alinitazama. Hakunitaja. Alisema, "Niliitoa."

"Kwa nini?"

Sababu ilikuwa yangu, si yake.

Jaji alifunga daftari taratibu. "Ungetuambia kwa nini ile ya pembeni ilikataa, hapo ndipo ungekuwa mradi wenyewe." Mkoani akaenda mwingine, aliyetengeneza jiko la pumba.

Baadaye mkuu wa shule alinionyesha nakala yake ya barua, ukurasa wa pili: mlezi aulize maswali, asimfanyie mwanafunzi kazi wala kubadili matokeo yake. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha.

Nilimkuta binti akikunja chati yake. Nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu ile ile:

"Bwana shamba, baba anapulizia pamba yetu kwa ushauri wako. Na kwenye zile taarifa zenu, mlitoa mistari mingapi?"