Uso wa Omugole Dirishani

Lameki Rutashobya hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani Ijuganyondo mkewe Joviana alikuwa akimbana goti ili asilitikise benchi zima la Walutheri wenye heshima zao. Alikula amesimama, akanyoa huku akitembea, na watu walicheka kwamba mtu asiyeweza kukaa ndiye aliyejichagulia kazi ya kupiga picha, ya kuwaambia wenzake wasitikisike. Lakini asubuhi ile ya Jumanne, mwaka 1954, alikuwa na sababu. Alizunguka ua wake mara ya tano au ya sita akiwa na picha nne mkononi, na zote nne zilikuwa za aibu.

Kila picha ilionyesha dirisha jeupe linalong'aa kama sahani mpya. Chini ya dirisha alikaa omugole, bibi harusi, na pale palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na doa jeusi. Shanga zilionekana. Mikono ilionekana. Uso, hapana.

Na picha zile hazikuwa za mapambo. Kokugonza, huyo bibi harusi, aliolewa Ijumbi, huko Muleba, wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mama yake, Immakulata wa Nyanga, hakuiona harusi kwa sababu alikuwa amelazwa hospitali ya Bukoba, tumbo limemvimba, na sasa masista walikuwa wamekwisha kumwambia kaka yake kwamba zimebaki siku, si wiki. Mama alikuwa na ombi moja tu: amwone mwanawe alivyopendeza. Lakini omugole yuko ndani. Hatoki nje, hapigwi jua, haonwi na wapita njia mpaka miezi yake itimie, na mama mkwe wake, Kokushubila, alikuwa mlinzi asiyesinzia. Hata ugonjwa wa mama mzazi wake aliambiwa nusu nusu, kwamba mama anaumwa kidogo, atapona. Ndipo mume wake, Karugendo, akamkumbuka Lameki na kamera yake ya kukunja.

Lameki hakuwa na taa za kupigia picha wala balbu za kumulika. Miaka yote aliwapiga watu picha nje, chini ya mawingu ya Bukoba ambayo hayana uhaba. Ndani ya nyumba alikuwa na dirisha tu, na dirisha lingetosha kabisa kama angekuwa na ubavu wa kumwambia Kokushubila neno moja. Siku ile ya kwanza mama mkwe alimkalisha omugole mahali pake pa heshima, juu ya nyasi mpya zilizotandikwa, mgongo ukutani chini ya dirisha, uso kuelekea mlangoni wanakoingilia wakubwa. Lameki aliona kosa mara moja. Alijua mwanga wa nyuma unaua uso. Alijua pia kwamba jicho humdanganya mpiga picha, linazoea giza na kuuona uso vizuri, wakati filamu haina huruma ya namna hiyo. Akajua yote hayo, akanyamaza, akapiga. Kisa nini? Adabu. Au tuseme ukweli: woga.

Karugendo alipofika kuchukua picha, aliziangalia zote nne, kisha akaanza tena ya kwanza.

"Fundi," alisema taratibu, "mke wangu yuko wapi hapa?"

Lameki alitamani udongo wa ua wake ummeze. "Kosa ni langu," alisema. "Kesho narudi Ijumbi. Nikishindwa, kamera hii naitupa ziwani."

Jumatano lori la kahawa liliwashusha njia panda, wakamalizia kwa miguu kati ya migomba iliyokuwa bado inadondosha maji ya mvua. Lameki alitangulia mbio mbio huku Karugendo, mwenye mke, akimfuata nyuma akihema. Lori lilikuwa linarudi mjini saa sita. Kila aliposimama kuvuta pumzi Lameki alimwona Immakulata akivuta pumzi yake ya mwisho, basi akaacha kusimama.

"Nyegera," Kokushubila alimkaribisha mlangoni, lakini macho yake hayakumkaribisha. "Karugendo kanitumia habari jana. Uliweka giza usoni mwa mkwe wangu."

"Mae, mama yangu, niliweka mimi," Lameki alijibu, akiinama. "Leo nataka kulitoa. Lakini nitakuomba jambo gumu, waitu, kwa heshima yako. Omugole ahame pale. Aketi hapa ubavuni mwa dirisha, uso aulekeze kwenye mwanga."

"Aupe mlango kisogo?"

"Aupe bega tu."

"Na uso wake uangalie nje! Watoto wa Rugemalira wanapita hapo na mbuzi kutwa nzima. Wamwone omugole wangu dirishani kama anayeuza ndizi?"

Karugendo alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Lameki alitembea mpaka dirishani na kurudi. Dirisha halikuwa na kioo, lilikuwa na ubao wa kufunga na kufungua. Jua la asubuhi lilikuwa limechomoza kati ya mawingu na kuingia moja kwa moja, likachora mraba mkali sakafuni. Hilo nalo lilikuwa tatizo. Jua kali namna ile lingemkunja omugole macho, lipasue uso wake nusu nyeupe nusu nyeusi. Akatembea tena, akarudi tena. Kokushubila alianza kukasirika kwa kule kuzungushwa macho.

"Mae, una shuka jeupe? Jepesi?"

"Ninayo mawili. Ya nini?"

"Moja nitalitundika dirishani. Mwanga utapita, macho ya watu hayatapita."

Shuka lilipotundikwa bibi alitoka nje mwenyewe, akazunguka nyumba, akachungulia kutoka upande wa migomba, akaona weupe mtupu. Aliporudi ndani hakusema amekubali. Alikichukua kigoda kwa mkono wake na kukiweka ubavuni mwa dirisha.

Kokugonza alikuja akaketi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, ngozi imelainika kwa samli na kukaa ndani. Jua sasa lilikuwa limechujwa na shuka na kuenea chumbani bila ukali. Lameki alimsogeza hatua moja karibu na dirisha, kwa maana alijua hatua moja tu kuelekea ndani inakula mwanga mwingi mno. Upande wa shavu lililokuwa gizani alimsimamisha Karugendo, amelinyoosha lile shuka la pili mikononi ili lirudishe mwanga kidogo usoni.

"Nyanyua. Sogea. Nimesema sogea, usiingie kwenye picha!"

Shavu la giza likafunguka, jicho la pili likaonekana. Mguu wa kamera hakuwa nao, basi aliiweka kamera juu ya meza, akaitegemeza kwa vitabu viwili vya sala ili isicheze. Akafungua lenzi hadi mwisho. Sekunde nzima ilihitajika, na sekunde nzima ni ndefu kwa mtu anayepumua.

"Egemeza kichwa ukutani, binti. Vuta pumzi, itoe, ukishaitoa usijitikise."

"Nimtazame nani?" Kokugonza aliuliza.

Lameki alitaka kusema, tazama shuka. Badala yake akasema, "Mtazame mama yako."

Akapiga mara sita, akibadilisha muda kidogo kila mara, kisha akakimbia kulifukuzia lori.

Alhamisi asubuhi picha ilikuwa bado ina unyevunyevu alipoingia nayo wodini. Immakulata alikuwa amelala kitanda cha mwisho, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Alipewa picha akaishika kwa mikono miwili. Uso wa mwanawe ulikuwapo wote: kope, midomo, hata kile kikovu kidogo cha paji la uso. Aliutazama kwa muda mrefu hivi kwamba Lameki alizunguka kitanda mara mbili bila kujua.

"Huyu ndiye," alisema hatimaye. "Ananitazama mimi." Kisha akacheka kwa sauti ndogo, na Lameki akalia mbele ya wodi nzima bila haya yoyote.

Alikuwa ameaga na kufika mlangoni alipoitwa.

"Mwanangu, na yeye? Hana picha yangu hata moja. Nipige, umpelekee." Akagusa mashavu yake yaliyobonyea. "Lakini asinione hivi. Ataogopa, na yuko peke yake kwa watu."

Lameki alisimama. Ombi lile lilimchoma, maana alijua linawezekana. Mwanga wa ubavuni ungeingia kwenye kila shimo na kuchora kila mfupa. Mwanga wa mbele unayajaza mashimo. Pamoja na muuguzi Alistidia walimwinua mgonjwa, wakamkalisha kwenye kiti kulielekea dirisha kubwa la wodi uso kwa uso, nje mawingu yametanda meupe. Alimtandikia shuka la kitanda mapajani ili mwanga upande kutoka chini pia, uvifute vivuli vya chini ya macho na kidevu. Yeye mwenyewe akajibana kando kidogo ya dirisha, kamera juu ya kizingiti chake, asimzibie mwanga. Immakulata akajifunga kitambaa cha kichwa, akajikaza, akatulia kuliko mtu yeyote aliyewahi kupigwa picha na Lameki.

Ijumaa alfajiri Lameki aliisafisha picha, na jua lilipopanda akapitia hospitali amwonyeshe mwenyewe. Kitanda cha mwisho kilikuwa kimekunjwa godoro. Projestus, kaka wa marehemu, alikuwa amesimama hapo na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Amekwenda kabla ya kucha," alisema. "Tunazika Nyanga kesho. Kama unakwenda Ijumbi, waambie."

Njia nzima juu ya lori Lameki aligeuka huku na huku kama mtu aliyekalia siafu. Alikuwa na habari mbili za mama mmoja, picha na kifo, na hazikupatana. Alipofika, Karugendo alikuwa shambani. Kokushubila alimpokea uani, naye Lameki akampa habari ya kifo kwa sauti ya chini. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mpe picha kwanza," alisema. "Lile lingine nitamwambia mimi."

Kokugonza aliipokea picha ndani, akaisogeza kwenye mwanga, na uso wake ukachangamka wote.

"Mae amenenepa! Tazama mashavu yake! Kumbe mlikuwa mnanificha kwamba amepona?"

Lameki, aliyeipiga picha ile kwa ustadi wake wote, hakuwahi kupiga nzuri kuliko hiyo wala kuchukia nyingine kiasi hicho. Kokushubila alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa nguo yake mwenyewe ya kutokea, akaja kumfunika mkwe wake kichwa na mabega, taratibu.

"Vaa viatu, mwanangu," alisema. "Tunatoka, tunakwenda kwa mama yako."

"Leo hii? Miezi yangu haijatimia!"

"Leo hii."

Kokugonza akacheka kwa furaha na kuanza kutafuta viatu.