Ombi la Spektromita Lililokuwa Ukurasa wa Pili

Mhadhiri wangu alifika Mbinga akitokea Mbamba Bay, vumbi limemjaa kwenye nyusi na hasira imeshampanda. Alikuja kutukagua wanachuo tuliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mimi nilimngoja kwa jambo jingine: asingesaini barua ya kumwomba anisimamie mradi wa mwaka wa mwisho, nisingekuwa na mradi.

Aliisoma katika ofisi ya shule mbele ya walimu, akikigeuza Kiingereza changu kuwa Kiswahili kwa sauti kubwa.

"'Sisi huku Maguu hatujambo, na kahawa imechanua vizuri.' Kijana, unakuja kuposa?"

Walimu wakaangua kicheko.

Kwetu Maguu humwandikii mkubwa ukaanza na shida yako. Unaanza na wazee, mvua, shamba. Kwa hiyo ombi lilikuwa ukurasa wa pili. Tangu biashara ilipoachiwa huria, kila duka liliuza mrututu, dawa ya shaba ya kupulizia mibuni, na baba alikuwa amepulizia kitu kilichofanana tu na mrututu. Nilitaka kutengeneza spektromita, kiboksi cha kupima kwa mwanga kama dawa ina shaba ya kweli. Mwanga unapita kwenye mwanya mwembamba, kisha kwenye plastiki yenye mistari midogo sana inayotawanya rangi, na kamera ya kompyuta inazipiga picha. Mistari ya taa ya zebaki, ambayo rangi zake zinajulikana, inakuonyesha kila rangi inaangukia wapi. Ukiweka maji ya dawa katikati, rangi iliyofifia inakuambia kiasi cha shaba.

"Shaba kwenye maji inameza wekundu wa mwishoni kabisa na mwanga usioonekana baada yake," alisema mhadhiri. "Kamera yako ina kichujio kinachozuia hukohuko. Utapima nini?"

"Natia amonia, Dokta. Inakuwa buluu iliyokolea, inameza rangi ya machungwa. Hapo kamera inaona."

"Iko wapi hiyo amonia? Mimi naona mvua."

"Ukurasa wa tatu, Dokta."

"Nani anafika huko?" Akaitupa barua mezani. "Na kamera inayojiongezea mwangaza kila picha ikififia? Unaweka dawa, yenyewe inang'arisha. Ukurasa wa ngapi?"

Hilo sikuliandika popote.

"Nakwenda kula. Nikirudi nikute ukurasa mmoja, la sivyo ufundishe kuimba."

Niliwatoa wazee, mvua na kahawa. Nikaanza na mrututu, amonia ikafuata, halafu nikaandika kwamba mwangaza wa kamera utafungwa usibadilike, na kamera isiyokubali kufungwa haitatumika.

Alisoma akiwa amesimama, akichokoa meno. Akaandika pembeni: kila kipimo kilinganishwe na mashine ya idara ya kemia, vikitofautiana, mradi umekufa. Akasaini.

"Asante, Dokta."

"Usinishukuru. Hicho kiboksi chako sikiamini, na wewe pia sikuamini."

Alitoka kwenda kumkagua mwenzangu darasani. Nami nikaanza kuulizia amonia.