Mwezi Ulioongezwa

Katika ghala la dawa wenzake humwita Jicho. Lebo ikipinda kidogo tu, haimpiti. Ana miaka arobaini na moja, na hakuwahi kuwa na ajira ya maandishi mpaka alipoingia hapo kwa majaribio ya miezi mitatu.

"Miezi mitatu yote wanakujaribu?" mumewe, seremala, alimtania. "Mimi siku moja tu niliridhika."

Alimtania akiwa ameketi, maana kusimama kulimkata pumzi. Moyo ulihitaji upasuaji. Mkataba wa Jicho ulisema mfanyakazi akithibitishwa, bima inamfikia na mwenzi wake, hata kwa ugonjwa wa zamani. Wakawa wanahesabu wiki pamoja.

Mwezi wa tatu wa majaribio mume akalazwa. Jicho hakufika kazini siku tisa. Alimwambia msimamizi wa zamu kwamba anauguza, basi. Mgeni kazini hapendi kuonekana na mizigo.

Msimamizi alimhurumia kwa namna yake. Tathmini ingefanyika wakati ule, siku tisa zingemharibia. Akaomba majaribio yaongezwe mwezi mmoja, apate muda wa kujirekebisha.

"Tia sahihi hapa, mama. Nakuokoa."

Jicho aliisoma barua ya nyongeza mara mbili, akatia sahihi. Aliogopa kwamba akibisha atakosa vyote, kazi na bima.

Seremala alifariki siku ya kumi na tisa ya mwezi huo wa nyongeza. Msimamizi alifika mazikoni, akabeba jeneza.

Wiki mbili baadaye walikuwa watatu katika ofisi ya utumishi. Ofisa, binti mwenye sauti ya upole, alimsomea Jicho barua. Amethibitishwa kuanzia tarehe mosi. Notisi ya kuacha kazi, iliyokuwa siku saba, sasa ni mwezi mmoja. Bima sasa ni yake na ya wategemezi, pamoja na mwenzi. Masharti mengine ni yale yale.

Msimamizi aliinua kichwa.

"Kwani bima ya mwenzi ilikuwa ikisubiri hii barua?"

"Ndiyo, kaka," Jicho alijibu.

"Na uliyekuwa unamuuguza ni yeye, marehemu?"

"Ni yeye."

"Mbona hukuniambia? Zile siku tisa ningeziandika likizo ya dharura. Tathmini ingekwenda kwa wakati wake."

Jicho alimtazama. "Hukuniuliza, kaka. Na mimi niliogopa."

Kisha ofisa akamalizia, kwa sababu barua lazima imalizwe: tathmini ijayo ni baada ya miezi sita, na kipimo cha kwanza ni mahudhurio.

"Hilo lisiwape shida," Jicho alisema. "Nitakuwepo."

Akatia sahihi kwenye nakala. Akasogezewa fomu ya wategemezi. Ghalani, nafasi tupu kwenye fomu haiachwi wazi, mtu asije akaijaza baadaye. Jicho aliomba rula, akapiga mstari ulionyooka kwenye nafasi ya mwenzi, akaandika tarehe pembeni.