Chupa ya Nne

Video za kufunga mizigo ya wateja, za kutangazia duka mtandaoni, nilikuwa naziandika mimi, kwenye daftari, kabla simu haijawashwa. Bosi alipenda ziwe bila maneno ya mdomo: mikono tu, mlio wa utepe wa gundi na hesabu ikipanda kwenye kioo. Siku ile niliandika hivi: “Boksi tupu. Sabuni za mwarobaini, 1 hadi 6. Udi, 7 na 8. Mafuta ya nazi, 9 hadi 12. Funga. Maandishi ya mwisho: Agiza kabla ya saa sita mchana, kesho iko mlangoni.”

Mzigo ulikuwa wa mama mmoja wa Kakuyuni mwenye kibanda. Tulipofika 12, kifuniko cha boksi kilivimba. Bosi akachomoa chupa moja, akasema kifuniko kilale vizuri, kisha tukarekodi kipande cha kufunga peke yake. Bodaboda alikuwa anapiga honi nje. Mzigo ukaondoka vile vile, na chupa tatu.

Kesho yake mama akapiga simu dukani. Bosi akaweka sauti ya nje.

“Mwanangu, video nimeiona, chupa nne. Kwangu zimefika tatu. Ya nne kainywa nani?”

Bosi akanigeukia. “Aliyefunga ni huyu.” Alipokata simu akaongeza, “Kwenu kuna wadogo wawili na sufuria kavu. Mimi si mjinga.”

Wadogo zangu niliwalea tangu tulipozika wazazi, na kwa ajili yao niliacha shule darasa la saba. Hapa Malindi, ukiitwa mwizi wa dukani, hakuna duka lingine litakalokupokea. Nilichukua simu ya duka, nikatafuta vipande tulivyorekodi kabla ya kuvikata, nikamwekea mbele ya macho. Mkono wenye pete tatu ulitoa chupa na kuiweka rafuni. Mimi sina pete.

“Futa,” akasema.

“Sifuti. Tuma chupa kwanza, na umwambie mama ni nani aliyeitoa.”

“Darasa la saba unanifundisha kazi?”

“Kuhesabu hadi kumi na mbili nilifundishwa darasa la kwanza.”

Alinitazama kama anayetafuta pa kunipiga. Halafu akampigia mama, akasema “tulikosea,” lile “tu” akalivuta ili na mimi niwe ndani yake. Nilisogea karibu na simu. “Shikamoo mama. Chupa ilitolewa ili video ipendeze. Si mimi niliyeitoa.”

“Marahaba. Leteni mafuta yangu.”

“Kesho usije,” Bosi akaniambia.

“Nitakuja. Na boksi litafungwa bila kukata video.”

Nilikuja. Hakuitikia salamu, lakini mizigo sita ilikuwa inangoja na yeye hajui kuandika mpangilio wa video. Wa kwanza ulikuwa wa Marafa, vitu tisa. Kifuniko kikavimba. Nikakikandamiza kwa goti, nikakizungushia utepe mara tatu, kamera ikiona, Bosi akisonya nyuma ya kamera. Sonyo likaingia kwenye video. Sikulikata.